Mke wangu anakula odowa na kulia bila sababu: nianzie wapi?

"Sista, mke wangu ana mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Kila siku ananunua odowa pale kioski, na usiku namsikia akiitafuna kitandani. Wiki jana nilimwaga mfuko wote kwenye pipa, akaninyamazia siku mbili. Jioni anaweza kulia kwa sababu ugali umekuwa mgumu, halafu baada ya saa moja anacheka. Mama yangu anasema nimkataze, marafiki wanasema nimwache tu, eti ni mimba. Nataka kumsaidia, si kuwa askari wake. Nianzie wapi?" – Mume, Umoja

Ndugu yangu, anzia kwenye damu. Mama yako anadhani huo ni ukaidi na marafiki wako wanadhani si kitu, na mimi siko upande wa yeyote kati yao. Mjamzito anayetafuna mawe kila siku apimwe kiwango cha damu kabla mtu hajamwambia neno lolote kuhusu tabia. Mara nyingi damu yake inakuwa imepungua, na damu ikipungua huleta uchovu, kizunguzungu na hasira za karibu. Kwa hiyo odowa na machozi huenda ni mambo mawili yenye mzizi mmoja, ingawa si lazima iwe hivyo. Nitakusimulia kisa cha mume mwingine aliyepita njia hiyo hiyo, kwa sababu alichofanya yeye, hatua kwa hatua, kinajibu swali lako vizuri kuliko orodha ya ushauri. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Alikuwa fundi wa simu pale Luthuli Avenue, na mkewe aliuza nguo katika duka la mtu mjini. Walikaa upande wenu wa Eastlands, kwa hiyo kila jioni mama huyo alipanda matatu ya Jogoo Road na foleni yake yote. Mimba ilikuwa ya wiki 20. Odowa ilianza mwezi wa tatu, kipande kimoja baada ya chakula cha mchana, halafu ikawa mfuko mzima kwa siku. Baadaye aliongeza mchele mbichi. Mvua ikianza kunyesha alisimama mlangoni akivuta harufu ya vumbi lililolowa, na fundi alisema hicho ndicho kilichomtisha kuliko mawe yenyewe.

Alifanya ulichofanya wewe: alitupa. Mkewe hakuacha. Alihamia kwa muuzaji mwingine, mbali na nyumbani, akawa anakula chooni na kusukutua kabla ya kutoka. Hapo fundi akapoteza kitu cha maana sana, maana sasa hakujua tena anakula kiasi gani. Hamu ya aina hii haiondoki kwa kunyang'anywa mfuko. Wanawake wengi wameniambia kwamba mate huwajaa mdomoni wakiiona tu, na kwamba wakijizuia hawafikirii kitu kingine mpaka waipate. Ukimfanya aione aibu, atakula vilevile, ila hutajua.

Walipokuja kliniki pamoja nilimuuliza mama anakula nini siku hizi. Akajibu, "Chakula cha kawaida, sista." Hakuwa anadanganya, kwa sababu kichwani mwake odowa si chakula. Fundi alimgeukia akamuuliza kwa upole, "Mama, utamwambia sista mwenyewe ama nikusaidie?" Mkewe akatazama chini, akacheka kidogo, akasema. Zingatia jinsi alivyouliza. Hakumshtaki mbele yangu na hakulificha jambo. Alimpa mkewe nafasi ya kwanza ya kulisema, na nafasi hiyo ikatosha.

Kipimo kilitoka 8.7. Hizo ni gramu za hemoglobini katika kila desilita ya damu. Kwa mjamzito tunataka 11 au zaidi, na katikati ya mimba tunakubali 10.5 kwa kuwa maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe zake. Chini ya 7 ni hatari, na hapo hatuzungumzi tena habari za tembe na mboga, tunampeleka hospitali. Mimba nzima inahitaji takriban gramu 1 ya madini ya chuma kwa ajili ya mtoto, kondo na damu ya ziada ya mama. Wanawake wengi huanza mimba wakiwa na akiba ndogo, hasa waliokuwa na hedhi nzito.

Wataalamu wanabishana bado kama upungufu wa chuma ndio unaoleta hamu ya udongo, au udongo ndio unaoleta upungufu kwa kushika chuma cha chakula tumboni kisifyonzwe. Kwa mtu aliye mbele yangu mabishano hayo hayabadilishi kitu. Viwili hivyo huonekana pamoja mara nyingi, na kimoja kinazidisha kingine. Odowa ina matatizo mengine pia. Inafunga choo, inavunja meno, inaweza kubeba mayai ya minyoo, na baadhi ya udongo unaouzwa kuliwa umepatikana na madini ya risasi, ambayo huvuka kondo na kumfikia mtoto. Mkewe alijitetea kwamba yake imechomwa. Moto unaweza kuua mayai ya minyoo, lakini risasi haiondoki kwa moto.

Nilipouliza kuhusu tembe za kliniki ndipo mambo yakafunguka. Hapa kwetu mjamzito hupewa tembe moja kwa siku yenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Yeye alikuwa nazo tangu wiki ya 12, ila zilikuwa kwenye droo. Alipozimeza asubuhi pamoja na chai alitapika, akaziacha, na hakuna aliyemuuliza. Hata kama asingetapika, ule ulikuwa wakati mbaya, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa, na maziwa nayo huchangia. Wakenya tunapenda chai na sisemi aiache. Nasema ikae mbali na tembe, na mbali na chakula chenye chuma, angalau saa moja au mbili.

Fundi akapewa kazi ya kwanza ambayo hakuitarajia: kupanga saa za chai. Chai ikawa ya saa kumi alasiri. Chakula cha jioni kikawa saa moja usiku, na tembe zikamezwa wakati wa kulala, kichefuchefu kikiwa kimelala nacho, pamoja na chungwa au maji ya limau, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kupita. Kwa kuwa damu yake ilikuwa chini, dozi iliongezwa mpaka miligramu 120 za chuma kwa siku. Usiongeze mwenyewe nyumbani, subiri kipimo na neno la kliniki. Alipewa pia dawa ya minyoo, ambayo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Nilimwonya fundi kwamba choo cha mkewe kitakuwa cheusi, asije akakimbia naye hospitali usiku. Weusi huo ni wa chuma. Nilimwambia pia kwamba kama mtu anameza tembe wiki nzima na choo chake hakijabadilika hata kidogo, inafaa kumuuliza taratibu kama kweli zinashuka tumboni. Kuuliza tu, si kuhesabu tembe akiwa bafuni.

Kwenye chakula hakukuwa na miujiza. Managu na terere kutoka kwa mama mboga, ndengu, maharagwe, omena, nyama wakiipata, na nyanya mbichi au limau juu ya mboga. Maini mara moja kwa wiki yatosha. Yana chuma kingi, lakini yana vitamini A nyingi pia, na ikizidi si nzuri kwa mtoto. Mkewe alikuwa na hamu nyingine ya usiku, mutura, na fundi alitaka kujua kama akatae. Nilimwambia amnunulie ile iliyoiva vizuri, inayotoka kwenye moto ikifuka moshi, asichukue iliyolala kwenye ubao tangu jioni. Hamu nyingi za wajawazito ni za namna hiyo: ukwaju, embe bichi na pilipili, ndimu na chumvi. Hizo zifuate bila mjadala kama mfuko unaruhusu. Mipaka naiweka kwenye vitu visivyo chakula: mawe, udongo, makaa, sabuni, njiti za kiberiti, na kunusa mafuta ya taa.

Sasa odowa yenyewe. Hatukuikataza siku ile. Tulikubaliana kwamba itakuwa mezani, waziwazi, na mkewe ndiye atakayesema leo ni vipande vingapi. Fundi alimuuliza swali ambalo mimi nilipaswa kulifikiria kabla yake: "Unachopenda ni ule mlio wa kutafuna, ama ile harufu?" Akasema ni harufu, kama ya nyumba ya udongo ikimwagiwa maji. Basi siku iliyofuata akapita Gikomba akarudi na mtungi mpya, usiopakwa rangi wala kung'arishwa, akautia maji yaliyochemshwa. Maji ya mtungi yana ladha ile ile ya ardhi. Mkewe aliyanywa siku nzima. Kwa kutafuna alimwekea karoti na njugu karanga zilizokaangwa. Angekuwa mpenda mlio, pengine hizo pekee zingetosha, kwa hiyo nawe muulize mkeo kabla hujanunua chochote.

Mtungi ulisaidia, lakini sidhani ndio uliomaliza kazi. Wagonjwa wengi wenye upungufu wa chuma husema hamu hupungua siku chache au wiki mbili hivi baada ya kuanza tembe, kabla hata kipimo cha damu hakijapanda. Kwake ilikuwa hivyo. Fundi aliniambia aliona kipande kilichoumwa nusu na kusahauliwa juu ya friji, akajua kuna kitu kimebadilika. Baada ya wiki nne damu ilisoma 9.8, na kufika wiki ya 32 ilikuwa 11.2. Ingekuwa haijapanda hata kidogo katika wiki nne, tungetafuta sababu nyingine: tembe hazimezwi, kuna minyoo, kuna damu inapotea mahali, au ni ugonjwa wa damu kama selimundu. Ndiyo maana kipimo cha pili hakirukwi hata kama mama anaonekana mzima.

Nije kwenye machozi, maana najua hayo ndiyo yanayokuchosha zaidi.

Homoni za mimba hupanda mno kupita kiwango cha kawaida, na zinagusa usingizi, tumbo, pua na hisia. Hiyo ni kweli, lakini mume hawezi kuifanyia kitu homoni. Anachoweza kukigusa ni vile vinavyowasha kiberiti. Nilimwomba fundi aandike kwenye simu yake kwa wiki moja: ugomvi au machozi yametokea saa ngapi, amekula mara ya mwisho lini, usiku amelalaje, na nini kilitangulia. Nilimwambia amwonyeshe mkewe anachoandika, isije ikawa ushahidi wa kesi.

Wiki ilipoisha hakuhitaji mtaalamu kumsomea. Karibu kila tukio lilikuwa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku. Mkewe alikuwa hajala tangu saa saba mchana, amesimama dukani siku nzima, amebanwa kwenye matatu, kisha anafungua mlango na kukutana na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Fundi, masikini, alikuwa anawahi nyumbani kumpikia mkewe ili amfurahishe, na harufu ya mapishi yake ndiyo iliyomchafua roho. Wajawazito hunusa kwa ukali mno, hata baada ya kichefuchefu cha miezi ya kwanza kupungua.

Akabadilisha mambo mawili tu. Alianza kumngoja steji na yai la kuchemsha na ndizi, ale kabla hawajaanza kutembea. Na mchuzi akawa anaupika bila kukaanga, anachemsha nyanya na vitunguu pamoja huku dirisha likiwa wazi, wakati mwingine anaupika asubuhi. Machozi hayakuisha, ila badala ya kila jioni yakawa ya mara moja moja. Kwa mkeo saa inaweza kuwa nyingine kabisa, hasa kama halali usiku. Andika kwanza.

Kuna maneno nilimkataza fundi na wewe nakukataza: "Hiyo ni mimba inaongea." Yanaudhi, na mara nyingi si kweli. Jioni moja mkewe alilia juu ya ugali, kama wako. Fundi hakubishana kuhusu ugali. Alisema, "Kula kwanza, halafu uniambie kilichotokea leo." Alipokula akaeleza kwamba mwenye duka amemwambia akijifungua asirudi. Hapo hapakuwa na homoni, palikuwa na kazi inayopotea. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili na kurudi kazini kwake, na kumfukuza kwa sababu ya mimba hakuruhusiwi. Walikwenda pamoja kuzungumza na mwenye duka wakiwa wanajua hilo. Wewe mwenyewe, kama umeajiriwa, una wiki mbili za likizo ya baba kwa mshahara. Iombe mapema.

Kwa hiyo usimuulize maswali mazito akiwa analia na tumbo tupu. Ngoja ale, aketi, ndipo uulize. Ukiuliza, uliza jambo moja linalojibika: "Leo umechoka, au kuna jambo nimelifanya?" Akisema ni wewe, sikiliza mpaka mwisho kabla hujajitetea. Akisema ni uchovu, mwamini, umpakulie maji ya miguu, usimfuatefuate.

Machozi ya mimba huja na kwenda, na katikati yake mtu anacheka, kama unavyosema mkeo anavyofanya. Hilo linanipa moyo kidogo. Lingenitia wasiwasi kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, amekuwa na huzuni isiyoinuka, hafurahii hata alivyovipenda, halali hata nafasi ikiwepo, au anajilaumu kwamba hafai kuwa mama. Hiyo inaweza kuwa sonona, inatokea wakati wa mimba na si baada ya kuzaa tu, na inatibika. Lilete kliniki neno hilo kama la odowa. Akitamka kwamba angependa kufa au kujidhuru, usingoje wiki mbili wala kesho. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Vilevile dalili za mwili usiziite hasira za mimba. Kichwa kinachouma sana baada ya wiki ya 20, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, kutokwa na damu, au kuhema na moyo kwenda mbio akiwa ameketi tu, yote hayo ni ya kwenda hospitali mara moja.

Mama yako mwambie hivi: hatumkatazi, tunampima. Wazee wengi hutulia wakisikia kuna kipimo na kuna tarehe ya kurudi. Fundi alimpa mama yake kazi ya kuleta mboga za kienyeji, na hapo simu za kumkemea binti zikapungua.

Na kwa mkeo, kabla ya chochote, omba msamaha kwa ule mfuko uliomwaga, kisha umwambie unataka mwende kliniki pamoja. Hakuna haja ya kungoja tarehe iliyoandikwa. Bebeni kijitabu chake. Mkifika, mwache yeye aseme habari za odowa, na akinyamaza muulize kama umsaidie. Halafu tazameni ukurasa wa vipimo. Kama nafasi ya hemoglobini iko wazi, au namba iliyopo ni ya miezi ya mwanzo, ombeni apimwe tena siku hiyo, na muulizeni anayewahudumia ni tarehe gani mrudi kwa kipimo cha pili.